Usiiweke Bunduki Katika Mfuko Wake

Mkulima wa pwani aliyepewa kibali cha bunduki ili kuwafukuza nguruwe na nyani shambani huogopa sana mvua isiiharibu silaha yake. Kwa maoni yangu anakosea adui. Bunduki nyingi hazili kutu shambani. Hula kutu nyumbani, ndani ya mfuko mzuri wa ngozi uliotengenezwa ili kuzilinda.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Chuma huanza kuliwa upesi unyevu wa hewa ukizidi kama sehemu 60 katika 100, na huku kwetu, tangu Tanga hata Lamu, asubuhi nyingi unyevu hupita 80. Tena kuna chumvi, iletwayo na upepo wa bahari na jasho la mikono. Chumvi hunyonya maji kutoka hewani hata siku isiyo na tone la mvua. Sasa ngozi na kitambaa hushika vyote viwili, unyevu na chumvi, na kuvigandamiza juu ya chuma usiku na mchana. Bunduki iliyo wazi hupata kukauka upepo upitapo. Iliyo mfukoni haikauki kamwe.

Tuseme mtu amerudi shambani jioni, mikono ina jasho. Akaifuta bunduki yake ya marisau kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, akaitia mfukoni, akafunga kabatini muda wa majuma sita ya masika. Aitoapo ataona madoa mekundu yamefuata mshono wa mfuko, na alama za vidole vyake zimechorwa kwa kutu juu ya kasiba. Atasema, “Lakini nilipaka mafuta!” Kweli alipaka, ila alipaka juu ya chumvi, na mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu. Na mafuta ya nazi, ingawa ni mema jikoni, huchacha, yakawa na ukali unaokula chuma na shaba. Tumia mafuta ya bunduki, au mafuta mepesi ya cherehani ukikosa hayo.

Basi utaratibu uwe huu. Kwanza toa risasi zote, utazame kwa macho yako kwamba kasiba ni tupu. Fungua kasiba, uitenge na ubao. Ipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, maana maji ndiyo yaondoayo chumvi, kisha ikaushe vizuri, nje na ndani kwa mdeki. Iache ipate joto kidogo penye jua. Hapo ndipo upake mafuta, tena kwa uchache: utando mwembamba usioonekana ila kwa kung'aa. Baada ya hapo usiiguse kwa vidole vitupu.

Ubao nao una mambo yake, nao husahauliwa. Mti hunywa unyevu, hasa mwishoni mwa kitako, chini ya bamba, ambako mafundi wengi huuacha bila kupakwa kitu. Hapo mti hufura, na skrubu za bamba huoza kwa siri. Legeza skrubu, uondoe bamba, upake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka nyembamba tatu, kila moja ikauke kabisa kabla ya nyingine. (Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, vikikunjwa pamoja huweza kushika moto vyenyewe.) Mafuta ya chuma yasifike kwenye ubao, kwa kuwa huulainisha. Kwa hiyo usiku wa kwanza simamisha bunduki mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa, mafuta yaliyozidi yachuruzikie huko.

Mwekee mahali pa wazi ndani ya kabati lifungwalo kwa kufuli, lenye matundu juu na chini, mbali na ukuta wa nje. Risasi zifungiwe penginepo. Mwenye umeme na aweke kifaa kidogo cha joto chini ya kabati. Hewa ya unyevu wa 85 ikipashwa joto nyuzi 5 tu hushuka karibu na 64. Wengine hupenda sanduku lisilopitisha hewa lenye vijifuko vya chembe za silika. Ni vema, mradi chembe zikaushwe tena kila zibadilikapo rangi. Zikishiba maji, sanduku lile ni mfuko wa ngozi kwa jina jingine.

Wakati wa masika itazame kila juma. Doa jipya jekundu lilowekwe kwa mafuta siku moja, kisha lisuguliwe taratibu kwa nyuzi laini za shaba. Ukucha ukikwama katika shimo, kutu imekwisha kula chuma chenyewe. Na shimo hilo likiwa karibu na mahali pa risasi, usiipige bunduki hiyo mpaka fundi mwenye leseni ameipima.