Kuficha si kufunga

Wasee mnaolipa watu wawaeditie video, hii ni yenu. Nilikuwa na faili moja ya Google Sheets: kazi zote, na ukurasa wa malipo. Huo wa malipo niliuficha kwa Hide sheet, nikawapa wahariri wawili haki ya Editor, nikalala fiti. Asubuhi mmoja akaniuliza mbona yeye hupata 1,500 kwa video na mwenzake 2,500. Sikuwa na jibu. Akaacha kazi siku hiyo.

Wengine walisema jamaa ni mchunguzi. Mimi nasema kosa ni langu. Editor yeyote anaweza kufungua ukurasa uliofichwa. Nayo Protect range humzuia mtu kuandika tu, haimzuii kusoma.

Kwenye Sheets, ukuta wa kweli ni faili tofauti. Sasa kila mhariri ana faili yake, nimemshea kwa imeli yake pekee, na General access iko Restricted. Mimi nina faili kuu ya peke yangu, inayovuta kazi kutoka kwa zao:

```
=IMPORTRANGE("LINKI_YA_FAILI_YAKE","Kazi!A2:D40")
```

Usigeuze mwelekeo. Ukiweka fomula kwenye faili ya mhariri ivute kutoka faili kuu, ukishabonyeza Allow access, yeye anabadilisha tu "Kazi" iwe "Malipo", na mishahara yote iko mbele yake tena.

Kabla ya kumlaumu mtu kwa kuchungulia, angalia kwanza ulimpa funguo gani.