Betri Huja na Bili Yake

Dada yetu mmoja aliyeolewa Kamukuywa, barabara ya Kitale kwenda Webuye, ametuletea karatasi ya fundi na swali fupi: je, fedha hizi zitarudi lini? Fundi amemwambia miaka sita na nusu. Tumeipitia hesabu hiyo. Haina kosa la kujumlisha, ila imesahau jambo moja.

Tuanze na stima anayoilipia. Dada alitutumia jumbe zake za tokeni za miezi mitatu, nasi tukagawanya fedha kwa yuniti. Kwa mwezi hulipa shilingi 2,520 na kupata yuniti 90, yaani shilingi 28 kwa yuniti. Hivyo ndivyo ifaavyo kufanya, kwa kuwa ndani ya bei hiyo zimo kodi na tozo zote, na mwenye kutumia kidogo hutozwa bei nafuu kuliko mwenye kutumia kingi. Kila nyumba na itazame jumbe zake yenyewe, isichukue bei ya jirani.

Jua halitaondoa bili yote. Pasi na birika la umeme zitabaki kwenye stima. Taa, runinga, simu na friji ndogo ndizo zitakazohamia juani, nazo hula yuniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Basi atakachookoa ni shilingi 1,680 kwa mwezi, au 20,160 kwa mwaka.

Karatasi ya fundi ina paneli mbili za wati 400 kwa shilingi 24,000. Inveta yenye kidhibiti cha chaji kwa 30,000. Betri mbili za jeli za ampea-saa 200 kwa 56,000. Nyaya, fremu na ufundi 20,000. Jumla 130,000. Zigawanye kwa 20,160, utapata hiyo miaka sita na nusu.

Lakini betri ya jeli haiishi miaka sita na nusu kwa matumizi ya kila usiku. Tumpe fundi dhana njema, tuseme itadumu minne. Mwisho wa mwaka wa nne dada ameokoa 80,640, bado hajafikia gharama yake, na analazimika kutoa 56,000 nyingine. Mwaka wa nane ameokoa 161,280 ilhali ametumia 186,000. Betri zinakufa tena. Mwaka wa kumi na mbili ameokoa 241,920 na ametumia 242,000. Amebakisha shilingi 80 tu kufika, na siku hiyo hiyo betri za tatu zimekwisha! Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 20,160 za mwaka, 14,000 ni za betri.

Tukamwomba fundi bei ya betri ya lithiamu. Akataja 80,000 kwa betri ya volti 24 na ampea-saa 100. Kwa namba ni kama nusu ya zile za jeli, lakini jeli haitakiwi kushushwa chini ya nusu, na lithiamu hustahimili kutumiwa hadi asilimia 80. Kwa hiyo umeme wa kutumika usiku unakaribiana: yuniti 2.4 kwa jeli, 2 kwa lithiamu, na dada hutumia usiku kama 1.2. Gharama yote inakuwa 154,000, nazo hurudi kwa miaka saba na miezi minane, kabla betri haijafika miaka kumi inayotarajiwa. Ndiyo iliyo ghali dukani, na ndiyo tuliyomshauri.

Hata hivyo aanze mapema kuweka shilingi 8,000 kila mwaka kwa ajili ya betri ijayo, na kidogo kwa inveta, kwani nayo huharibika.

Lipo jambo la mahali pia. Kamukuywa iko karibu na Mlima Elgon, na wakati wa masika mawingu hutanda tangu adhuhuri. Mwenye jeli ambaye runinga yake huwaka hadi usiku wa manane katika siku hizo ataishusha betri kupita kiasi, na ile miaka minne itakuwa miwili. Apime asubuhi kabla ya jua, vyombo vikiwa vimezimwa saa kadhaa: betri ya volti 12 ikisoma kama 12.2 imefika nusu. Ikiwa chini ya 12 mara kwa mara, inauawa. Na betri ya gari, hata ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, haikuundwa kwa kazi hii.

Dada ameuliza pia kuhusu kununua kwa malipo ya kila mwezi. Tulimwambia ajumlishe malipo yote hadi la mwisho, aiweke jumla hiyo mahali pa ile 154,000, kisha agawanye upya. Kama ni mkopo wa riba, hatukuendelea na hesabu.