Bajeti ya Google Play haizuii makato ya mtoto

Mfanyabiashara anayevuka Namanga au Busia hubeba sehemu ya mtaji wake ndani ya simu. Jioni, simu hiyohiyo humpa mtoto achezee gemu. Hapo ndipo fedha za mzigo zinapoweza kuvuja kidogo kidogo.

Tuchukulie mama wa Arusha anayenunua bidhaa Nairobi, na ambaye ameunganisha kadi ya benki na akaunti yake ya Google Play. Mtoto anabonyeza kitufe cha kujaribu huduma bure kwa siku saba. Siku hiyo hakuna kinachokatwa, hivyo hakuna anayeshtuka. Majaribio yakiisha, makato ya kila mwezi yanaanza. Mama yuko Nairobi, ametoa laini ya Tanzania na kuweka ya Kenya, na ujumbe wa benki haumfikii. Hata akiifuta gemu, makato yanaendelea, kwa sababu usajili umefungwa kwenye akaunti, si kwenye programu.

Wengi hudhani kinga ni kuweka bajeti ndani ya Google Play. Bajeti hiyo huhesabu matumizi na kukuonya unapokaribia kikomo, lakini haizuii malipo.

Kinachozuia ni uthibitisho. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia Settings, kisha Purchase verification, uchague Always. Usiridhike na chaguo la dakika 30, kwani ukithibitisha ununuzi mmoja, mtoto anaweza kununua mengine ndani ya muda huo bila kuulizwa. Mwanya huo ulikuwa sehemu ya malalamiko ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani dhidi ya Google. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kuwarudishia wateja angalau dola milioni 19 kwa manunuzi yaliyofanywa na watoto bila idhini.

Uthibitisho nao hauna nguvu ikiwa mtoto anajua nenosiri lako, au ikiwa alama ya kidole chake imesajiliwa kwenye simu. Tena, unalinda malipo yanayopitia Google Play tu. Huduma za ujumbe mfupi zinazokata salio la laini ziko nje yake, na hizo husimamishwa kupitia kampuni ya simu. Kikomo cha kweli cha matumizi, basi, ni kuondoa kadi yenye mtaji na kuweka nyingine yenye fedha kidogo tu.

Kujua kama tayari unakatwa, rudi kwenye picha ya akaunti, ingia Payments & subscriptions, kisha Subscriptions. Usichokitambua, kisitishe hapo. Kisha omba Google ikurudishie fedha ndani ya saa 48 tangu makato. Muda huo ukipita, mara nyingi utaelekezwa kwa mtengenezaji wa programu, ambaye huenda yuko mbali na mpaka wowote unaouvuka.