Bitchat Haitakufikisha Tanga

Wadau, mtandao ulipozimwa Tanzania siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, hapa Kinondo wenye ndugu Tanga hatukutulia. Kwenye grupu letu mtu akaandika: "Wekeni Bitchat, haihitaji intaneti, mtaongea nao." Mama akaniletea simu nimwekee. Ikabidi nimwambie ukweli: hizi apu zinafanya kazi, lakini si vile watu wanavyodhani.

Bitchat inatumia Bluetooth, ile ile ya spika yako. Simu yangu inarusha ujumbe, na simu yoyote ya karibu yenye Bitchat inaudaka na kuurusha tena, hata kama si wa mwenye simu hiyo. Ila kila ujumbe unatoka na hesabu ya 7, na kila simu inayoupitisha inapunguza moja. Hesabu ikiisha, safari imeisha. Bila kikomo hicho ujumbe mmoja ungezunguka ovyo na kumaliza betri za watu.

Sasa piga hesabu. Kijijini, penye kuta na watu, tuseme simu hadi simu ni mita 30. Mara 7 ni mita 210. Na hapo katikati lazima kuwe na watu wa kupokezana, wote wamewasha Bluetooth na apu iko wazi. Akikosekana mmoja, mnyororo umekatika. Tanga iko ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, jamani!

Nilijaribu na binamu yangu. Ufukweni Galu, simu mkononi, tulifika kama hatua 70 na ujumbe bado unapita. Kwenye njia ya kando ya Kaya Kinondo, mvua imetoka kunyesha na miti imeshikana, hatua 20 tu, kimya. Sababu ni kwamba mawimbi ya Bluetooth, gigahezi 2.4, hunyonywa na maji. Majani mabichi yamejaa maji, na mwili wako pia. Ndiyo maana simu ikiwa mfuko wa nyuma na mwenzako yuko mbele yako, umbali unapungua.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Bitchat ni ya mahali watu wamejaa: sokoni, uwanjani, kwenye maandamano. Pale umati wenyewe ndio mnara. Kwa mbali, afadhali Briar, ambayo ni ya Android. Ukiwa kwenye jukwaa lake, simu yako hubeba ujumbe wa jukwaa. Ukipanda matatu hadi Ukunda ukakutana na rafiki mliyeunganishwa, simu zenu zinapeana. Polepole, lakini inafika. Ila pakueni na muunganishwe mapema, maana mtandao ukishazimwa, hiyo apu utaipakua na nini?

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mamako mdogo je?"

Nikamwambia tununue salio, tujaribu kumpigia simu ya kawaida.