"Njoo Tu, Kila Kitu Juu Yetu": Huo Sio Mwaliko, Ni Mtego

Wadau, wiki hii kulichafuka. Loji moja ya Sumbawanga imemwanika dada mmoja, bloga wa safari kutoka Dar, kwamba kala bure, kalala bure, halafu kaondoka bila kufanya kazi. Watu wakamvaa: mara mwizi, mara mjanja wa mjini. Mimi nimeuona ule mwaliko aliotumiwa, na leo naenda kinyume na wengi: kosa lilianzia kwa mwenyeji.

Mwaliko wenyewe ulikuwa hivi: "Mambo dada, tunapenda sana kazi zako. Njoo wikiendi moja uone Ufipa na maporomoko ya Kalambo, kila kitu juu yetu. Utatupostia tu." Basi, umeisha.

Sasa hebu tuusome taratibu. "Kila kitu" ni nini? Dada alielewa nauli, chumba, chakula na gari la kwenda Kalambo. Mwenye loji alimaanisha chumba na chai ya asubuhi. Kutoka Dar hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, unapita Mbeya, unapita Tunduma, ndipo unapanda Ufipa. Hiyo nauli kailipa mwenyewe. Kalambo nako si pale nyuma ya stendi. Ni wilaya nyingine, mpakani kabisa na Zambia, unakodi gari na siku nzima inaishia huko. Hilo gari nalo kalipa mwenyewe, na kiingilio juu.

"Utatupostia tu" nayo ni nini? Dada akaweka stori mbili kwenye Instagram. Stori inakaa saa 24, inapotea. Mwenyeji alikuwa anasubiri video za kubaki kwenye ukurasa. Kila mmoja anaamini ametimiza ahadi, na kila mmoja ana haki ya kuamini hivyo, kwa sababu hakuna ahadi iliyoandikwa.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni. Walimwita Oktoba. Kalambo inaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, lakini mvua za huko zinaanza Novemba na kuishia Aprili. Oktoba ni mwisho wa kiangazi, maji yamepungua sana. Mtu umemwahidi ngurumo, anakuta maji membamba kwenye jabali, halafu unanuna kwamba video haikuwa na mvuto? Mwenyeji wa Ufipa anajua misimu yake. Asipomwambia mgeni, anamdanganya kwa kunyamaza.

Kilichowasha moto zaidi ni maneno ya juu ya stori moja: "Nimeingia mji wa wachawi." Hapo na mimi namlaumu dada. Watu wa Sumbawanga wamechoka na huo utani. Kila mgeni akifika anatafuta radi na ungo, anaacha mlima, anaacha ziwa, anaacha migebuka kwenye sahani. Mwenyeji ana haki ya kukataa biashara yake ihusishwe na hilo. Ila aseme kabla, bloga akubali au akatae akiwa bado kwake Dar. Kukaa kimya halafu kulipuka baada ya posti si haki.

Tena tusichanganye mambo mawili. Kusema mapema "humu mada ya uchawi hatuitaki" ni kuweka mpaka. Kusema "lazima utusifie" ni kununua mdomo wa mtu, na anayeliwa hapo ni wewe msomaji utakayepanga safari kwa sifa za kulipiwa. Maji ya kuoga yakiwa baridi kwenye mji ulio juu kiasi kile, Juni yenye baridi lake, aseme ni baridi.

Mtasema naongea tu. Haya, mwaliko wa haki ni huu hapa, na unaenea kwenye meseji moja:

"Dada, habari za kazi. Tunakukaribisha Sumbawanga usiku 3, Alhamisi tarehe 14 hadi Jumapili tarehe 17 Mei. Mvua zitakuwa zimekatika na Kalambo bado ina maji mengi.

Sisi tunagharamia: tiketi ya basi kwenda na kurudi, chumba cha mtu mmoja, milo mitatu kwa siku, gari na kiingilio cha Kalambo siku ya Ijumaa. Ukija na mwenzako, gharama zake ni zenu. Juu ya hayo tunakulipa shilingi 400,000 kabla ya kodi: nusu ukifika, nusu ukimaliza kuposti.

Wewe unatupa: video fupi 2 za kubaki kwenye ukurasa wako, moja ya Kalambo na moja ya loji, stori 6 ukiwa huku, na picha 10. Video zitoke ndani ya siku 14 baada ya kurudi, zikiwa na lebo ya 'Paid partnership'.

Maoni ni yako. Tutaangalia video mara moja kabla haijatoka, kusahihisha majina, bei na njia tu. Tunaomba usitumie mada ya uchawi. Kama hilo hulikubali, tuambie sasa, hatutakasirika. Sisi tunaweza kuziweka video kwenye kurasa zetu kwa miezi 6. Tukitaka kuzifanya tangazo la kulipia, tutaelewana bei upya.

Kalambo ina ngazi nyingi, njoo na viatu vya kushika. Droni usije nayo bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kumbuka pale ni mpakani. Njia ikiharibika, tutakupeleka msitu wa Mbizi, na video ya kwanza itakuwa ya huko. Tukiahirisha sisi, nauli uliyopoteza tunarudisha. Ukiahirisha wewe baada ya tiketi kukatwa, unaturudishia ya tiketi tu. Tujibu kufikia tarehe 30 Aprili."

Umeona? Hakuna mwanasheria hapo. Ila kila sentensi inazima ugomvi mmoja wa wiki hii. Hata lile neno "kabla ya kodi" lina kazi: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui wa mtandaoni. Ikikatwa kwenye 400,000 inaondoka 20,000, mkononi zinafika 380,000. Usipoandika, bloga anahesabu laki nne kamili na anakuona umemdhulumu.

Najua kuna mwenye loji anasema, "Mimi sina hiyo laki nne." Sawa kabisa, andika kwamba huna. Ila ukipunguza unachotoa, punguza na unachodai. Chumba na chai kwa usiku 2 haviwezi kuzaa video 2, picha 10 na sifa za mwaka mzima. Omba stori 3, mtu aamue kama inamlipa.

Na nyie mabloga msijifiche nyuma ya huyu dada. Ukipokea "njoo tu", kabla hujapakia begi jibu kwa maswali manne: mnalipia nini, mnataka nini, lini, na mtavitumia wapi. Asiyetaka kuyajibu kwa maandishi, huyo huyo ndiye atakayekuanika kesho.

Karimu wa kweli haogopi kuandika. Haya, mliomtukana dada wa watu bila kuusoma mwaliko, nawasubiri hapo chini kwenye komenti.