Tarehe ya bei yatosha kuwa sababu

Ndugu mwandishi, makala yako nimeisoma kwa taadhima, ila pale unaponasihi kwamba mteja aliyenyamaza baada ya kuletewa pendekezo la bei aandikiwe kila baada ya siku mbili sikuafiki, kwani sisi tuuzao mchele huku Mlimba twajua kuwa ofisi ya mjini hukawia kujibu aghalabu kwa kuwa andiko lingali mezani kwa mhasibu, wala si kwa dharau. Mimi hungoja juma zima, kisha hujibu katika barua pepe ileile ya awali, ili pendekezo liwe chini yake asihangaike kulitafuta, nikaandika: “Mheshimiwa, salaam. Bei ya tani 10 niliyokuletea itasimama hadi tarehe 30 Juni, kwani mavuno yanaendelea na bei ya shambani hugeuka. Je, niombe nafasi ya mzigo TAZARA, au niuachilie kwa wengine?” Hilo la kuachilia humpa wasaa wa kukataa bila haya. Nawe ndugu uliyetangulia kutoa maoni hapo juu, upendaye kuanza kwa “samahani kwa usumbufu”, radhi ya nini ilhali hujakosa? Lakini tarehe hiyo ya bei iwe ya kweli. Ikipita nawe ukauza kwa bei ileile, barua yako ya pili haitasadikiwa. Kimya kikizidi, mimi humpigia simu karani, si mkubwa wake, nikamuuliza andiko limefika kwa nani.