Namba ya Kwanza Haipimi Jasho

Mkufunzi mmoja mjini Homa Bay amewaambia vijana wa programu kwamba namba ya kwanza ya toleo hupandishwa mkishafanya kazi kubwa, na mkigusa mstari mmoja, mwongeze ya mwisho tu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Imani hii imenichosha!

Kanuni ya SemVer, aliyoiandika Tom Preston-Werner, haiulizi umetokwa jasho kiasi gani. Inauliza kama anayetegemea programu yako ataendelea na kazi bila kurekebisha chochote kwake. Ukimvunjia, pandisha namba ya kwanza. Ukimwongezea kitu bila kumvunjia, ya kati. Ukiondoa hitilafu tu, ya mwisho.

Ushirika mmoja wa wakulima Migori ulitegemea maktaba ya kusafisha namba za simu. Toleo 1.4.2 lilirudisha 07… Walioiandika walipoona malipo ya M-Pesa kupitia Daraja yanataka 2547…, walibadilisha mstari mmoja na kubandika tagi `v1.4.3`. Ushirika ulikuwa umeandika `#semver:^1.4.2`, yaani tagi yoyote kuanzia hapo, mradi isifike 2.0.0. Walipousimika mfumo kwenye seva mpya, ukachukua 1.4.3.

Hakuna onyo lililotokea. Mfumo ulimtafuta mkulima kwa 2547…, haukumpata, ukamfungulia akaunti ya pili. Deni la mbolea likabaki kwenye ya kwanza, mazao yakaingia ya pili. Karani alishtuka orodha ya wanachama ilipokua ilhali hakuna aliyejiunga.

Walipolalamikiwa, wenye maktaba walijibu: “Ni mstari mmoja tu.” Kisha wakafanya baya zaidi: waliihamisha tagi ileile kwa `git tag -f` na kuisukuma kwa nguvu. Aliyekwisha kuivuta `v1.4.3` akabaki na ya zamani, kwa sababu `git fetch` haibadilishi tagi uliyo nayo. Majina yanafanana, msimbo tofauti. Semina zetu hugawa vyeti kwa wingi, lakini hili hazifundishi.

Walipaswa kuiacha `v1.4.3` ilivyo, watoe `v1.5.0` inayorudisha 07… na kumruhusu anayetaka 2547… aiombe. Namba ya kati inatosha, maana hakuna anayevunjiwa. Siku 2547… itakapokuwa ndiyo jibu la kawaida, hapo ni `v2.0.0`, hata kama ni mstari uleule.

Eti tutafika toleo la 20 tuonekane hatujatulia! KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa hospitalini, imeshapita 17, na sijaona muuguzi aliyekataa kuitumia kwa sababu ya namba. Anayeogopa namba kubwa asome kwanza tofauti yenyewe kabla ya kubandika tagi:

```
git diff v1.4.2 HEAD
```

Atafute jibu lililobadilika umbo, jina lililofutwa, kigezo kilichokuwa cha hiari kikawa cha lazima. Akipata kimoja, 1.4.3 haipo tena.